"Mama Rehema Hakuwa Hivi"

Mume anarudi kazini saa mbili usiku, anafunua sahani na kukuta wali umepoa. "Mama Rehema hakuwahi kunipa wali wa baridi," anasema. Mke ananyamaza. Jumamosi jina lile lile linarudi, safari hii kwa sababu ya hela ya sokoni. Kinachomkera mke si wali tena. Anajiuliza kama mwanamume huyu na mtalaka wake wameachana kweli.

Mashoga watamwambia bado anampenda. Pengine. Lakini mwaka 1959 wanasaikolojia wa Marekani, John Thibaut na Harold Kelley, walitenganisha vipimo viwili tunavyovitumia kupima uhusiano. Kimoja ni kile mtu anachoona anastahili, kutokana na aliyoyapitia na aliyoyaona kwa wengine. Kingine ni kile anachoamini angekipata akiondoka alipo.

Mtalaka akiwa kwenye kipimo cha kwanza, jina lake hutajwa palipo na kasoro. Mume huyu ana ombi, ila hajui kuomba. Muulize, "Unataka nifanyeje?" na jibu analo: apashiwe chakula. Akipashiwa, jina hupungua. Ni tabia mbaya, inaudhi, lakini moyo wake uko nyumbani.

Kipimo cha pili kina dalili nyingine. Jina huja hata siku ambayo hakuna kilichoharibika, ukimuuliza anachotaka anasema "basi tu", na sifa anazotaja si za kupika bali za mtu mwenyewe: yeye alinielewa, yeye tulicheka. Huyu anapima kubaki na kuondoka. Hata "wewe umemzidi mbali", likirudiwa kila wiki, linaonyesha kwamba bado anapima, ingawa wengi wetu tungelipokea kwa tabasamu.

Kumbukumbu nayo ina upendeleo: kwa kawaida machungu ya zamani hufifia haraka kuliko raha zake. Ndiyo maana swali zuri la kumuuliza ni, "Mbona mliachana?" Aliyetulia hueleza ugomvi ulivyokuwa na kosa lake mwenyewe. Ambaye hajatulia husimulia mema matupu, au humlaumu mwenzake kwa hasira mbichi kana kwamba waliachana jana.

Utafiti wa Stephanie Spielmann na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba mambo huenda pande zote mbili. Uhusiano wa sasa ukizorota, mawazo hurudi kwa wa zamani. Na yakirudi huko, wa sasa huzidi kuzorota. Kwa hiyo jina likianza kusikika ghafla baada ya miaka ya ukimya, mke atazame kwanza kilichobadilika nyumbani miezi ya karibuni.

Ada ya shule ya Rehema ni jambo jingine. Wazazi wataitana majina mpaka mtoto akue, na hilo si kulinganisha.