Namba Moja, Hukumu Tatu

Mwaka 1982 wachumi wawili wa Marekani, Charles Nelson na Charles Plosser, walichapisha makala iliyogawanya wenzao kwa miaka mingi. Walichukua takwimu 14 za muda mrefu za uchumi wa nchi yao, zote zikiishia mwaka 1970: pato la taifa, bei, mishahara, ajira, ukosefu wa ajira na nyinginezo. Swali lao lilikuwa hili: uchumi ukipigwa na mdororo, je, baada ya miaka kadhaa pato hurudi kwenye njia lililokuwa likiifuata, au pigo lile hubaki ndani yake milele?

Tazama tofauti yake kwa namba. Chukua makadirio yao ya pato halisi la taifa, ambamo sehemu ya mwaka jana inayovuka kuingia mwaka huu ni 0.825. Ikiwa namba hiyo ni ya kweli, pigo la leo hubaki asilimia 82.5 mwakani, na baada ya miaka minne limebaki chini ya nusu. Lakini kama namba ya kweli ni 1 kamili, hakuna kinachopungua. Pato lililopotea mwaka mmoja limepotea moja kwa moja, na ukuaji unaofuata huanzia pale chini. Hali hiyo ya pili ndiyo wanatakwimu huiita mzizi wa moja.

Mtu angesema 0.825 si 1, basi kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu makadirio yana makosa yake, na mfululizo wenye mzizi wa moja una tabia mbaya ya kutoa makadirio yaliyo chini ya ukweli. David Dickey na Wayne Fuller walilieleza tatizo hilo mwaka 1979 na kutoa kipimo chake. Toleo lililopanuliwa, linalotumika hadi leo, ni rigresheni hii:

```
Δy(t) = a + b·t + g·y(t−1) + d1·Δy(t−1) + … + dk·Δy(t−k) + e(t)
```

Upande wa kushoto ni badiliko la mwaka huu. Namba tunayoitafuta ni g. Ikiwa g ni sifuri, kiwango cha mwaka jana hakina nguvu ya kuvuta chochote kirudi, na hapo mzizi wa moja upo. Ikiwa g iko chini ya sifuri, kuna kinachovuta. Kwa pato la taifa, g ni 0.825 kutoa 1, yaani −0.175. Ukiigawa kwa kosa lake la kawaida unapata −2.99.

Sasa hukumu. Kwenye jedwali la kawaida la t, −2.99 ni ushahidi mzito. Lakini jedwali hilo halitumiki hapa, maana chini ya mzizi wa moja namba hii haifuati mgawanyo wa kawaida. Dickey na Fuller walitengeneza majedwali yao, na kizingiti hubadilika kulingana na ulichokiweka kwenye rigresheni. Kwa data za miaka 50 hivi, kwa kiwango cha asilimia 5, kizingiti ni −1.95 usipoweka a wala b. Ukiweka a peke yake ni −2.93, na ukiweka a pamoja na mwelekeo wa wakati b·t ni −3.50. Nelson na Plosser waliweka vyote viwili, kwa hiyo −2.99 haikufika, na nadharia tete ya mzizi wa moja haikukataliwa. Mtu ambaye angeichukua −2.99 hiyohiyo na kuisoma kwenye jedwali lisilo la rigresheni yake angetangaza kinyume, na ripoti yake ingeonekana safi kabisa.

Je, walikuwa na haki ya kuweka mwelekeo? Naam. Pato la Marekani lilikuwa likipanda, na yeyote aliye na macho angeliona hilo kwenye mchoro. Maelezo mawili yanashindana: ama pato hupanda kwa kuizunguka njia yake, ama hupanda kwa hatua zinazojikusanya bila njia. Ukiondoa b·t, maelezo ya kwanza yamefukuzwa kabla ya kesi kusikilizwa. Mfululizo unaopanda hauwezi kuzunguka kiwango kimoja kisichobadilika, kwa hiyo kipimo kitauona mzizi wa moja hata pale usipokuwepo. Kwa upande mwingine, kuweka mwelekeo usiohitajika kuna gharama: kizingiti kinasogea mbali, na kipimo kinakosa nguvu ya kuona kinachopaswa kuonekana. Kiwango cha riba, kwa mfano, kwa kawaida kinatosha kuwekewa a tu. Kuacha vyote viwili ni kudai kwamba mfululizo huzunguka sifuri, na ni takwimu chache sana za uchumi zenye tabia hiyo. Ndiyo maana mchoro hutangulia, na rigresheni hufuata.

Zimebaki zile d. Mabadiliko ya miaka iliyopita huwekwa ili mabaki e(t) yasiendelee kufuatana yenyewe kwa yenyewe, maana vizingiti vyote nilivyotaja vinategemea hilo. Ukiweka machache mno, kipimo hukosea mara nyingi kuliko asilimia 5 uliyojiwekea. William Schwert alionyesha mwaka 1989 kwamba hatari ni kubwa hasa pale ambapo sehemu ya badiliko la leo hufutwa na la kesho: mzizi wa moja uliopo kweli hukataliwa ovyo. Ukiweka mengi mno, unakula data. Pato halisi lilikuwa na miaka 62 tu. Kanuni ya Schwert ya kikomo cha juu, 12 mara mzizi wa nne wa T/100, inatoa 10. Kwa mabadiliko 10 ya nyuma unabaki na miaka 51 ya kukadiria namba 13.

Njia ninayoipendekeza ni ya Serena Ng na Pierre Perron, ya mwaka 1995. Anza na kikomo hicho, kisha tazama t ya badiliko la mwisho kabisa. Ikiwa ukubwa wake haufiki 1.6 hivi, liondoe na ukadirie upya, mpaka lile la mwisho liwe na uzito. Hapa jedwali la kawaida linaruhusiwa, kwa sababu t za mabadiliko hufuata mgawanyo wa kawaida hata kama t ya g haifuati. Vigezo vya taarifa navyo hutumika, ila kile cha Schwarz huelekea kuchagua machache mno, na ulinganisho wowote ufanywe kwa miaka ileile, la sivyo unalinganisha data tofauti. Mwishoni pima mabaki kwa kipimo cha Ljung na Box. Kwa data za mwezi, kama bei ya mahindi inayoshuka kila mavuno, usiishie chini ya miezi 12 kabla ya kuangalia msimu.

Nelson na Plosser walishindwa kuukataa mzizi wa moja kwa takwimu 13 kati ya 14. Ukosefu wa ajira tu ndio uliovuka. Lakini kushindwa kukataa si kuthibitisha. Mwaka 1989 Perron aliruhusu mwelekeo uvunjike mwaka 1929, wakati wa anguko kuu la uchumi, na mzizi wa moja ukakataliwa kwa takwimu 11 kati ya zilezile 14. Eric Zivot na Donald Andrews walimjibu mwaka 1992 kwamba mwaka wa mvunjiko alikuwa ameuchagua baada ya kuziona data, na walipoiacha rigresheni iutafute yenyewe, ushahidi ulipungua.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na ripoti isemayo kwamba mfululizo fulani una mzizi wa moja au hauna, muulize mwandishi ni vipengele gani aliviweka, ni mabadiliko mangapi ya nyuma na aliyachagua vipi, na jibu lingekuwaje kama angeongeza au kupunguza moja. Asipokuwa na majibu, usikubali hitimisho lake.