Ankara Moja, Viwango Viwili vya VAT: Senti Ikadiriwe Wapi?

Mfanyabiashara wa jumla mjini Hamburg anawauzia wenye maduka bidhaa za Afrika Mashariki. Nchini Ujerumani kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 19, na kuna kiwango cha chini cha asilimia 7 kwa vyakula vingi. Kahawa, majani ya chai, iliki na unga viko kwenye asilimia 7. Juisi ya matunda, sabuni na vitenge viko kwenye asilimia 19. Kwa hiyo ankara yake ya kila siku, hata ya duka dogo kabisa, hubeba viwango viwili kwenye karatasi moja, na hapo ndipo linapozuka swali ambalo wahasibu hubishania kuliko watu wa nje wanavyodhani: sehemu za senti zikadiriwe kwenye kila mstari au mwishoni kwenye jumla?

Tuifuate ankara moja hadi mwisho. Bei zote ni za yuro kabla ya kodi. Upande wa asilimia 7 kuna kahawa ya 46.50, chai ya 25.80, iliki ya 26.80 na unga wa 26.85. Ukipiga kodi ya kahawa unapata 3.255, ambayo ni nusu ya senti kamili, na kwa desturi nusu hupandishwa, hivyo inakuwa 3.26. Chai inatoa 1.806, yaani 1.81. Iliki inatoa 1.876, yaani 1.88. Unga unatoa 1.8795, nao unakuwa 1.88. Jumlisha kodi hizo nne zilizokwisha kukadiriwa: 8.83.

Sasa fanya kinyume chake. Jumlisha kwanza bei za bidhaa nne, upate 125.95, kisha piga asilimia 7 mara moja tu. Jibu ni 8.8165, na ukilikadiria linakuwa 8.82. Imepungua senti moja. Hakuna aliyekosea hesabu. Mistari yote minne ilitokea kupandishwa, na vipande vidogo vilivyoongezwa kila mara vilirundikana hadi vikaivusha jumla kwenye senti inayofuata.

Upande wa asilimia 19 mambo yanageuka. Sabuni ni 27.60 na kodi yake 5.244, inashuka kuwa 5.24. Juisi ni 23.76 na kodi yake 4.5144, inashuka kuwa 4.51. Vitenge ni 49.60 na kodi yake 9.424, vinashuka kuwa 9.42. Kwa mistari, jumla ya kodi ni 19.17. Kwa kundi, bei zote zinafika 100.96, kodi ni 19.1824, na ukiikadiria ni 19.18. Safari hii mistari ndiyo iliyopungukiwa na senti.

Tazama sasa kinachotokea chini ya karatasi. Kwa njia ya mistari, 8.83 na 19.17 ni 28.00. Kwa njia ya makundi, 8.82 na 19.18 ni 28.00 vilevile. Mnunuzi atalipa 254.91 kwa njia yoyote ile. Mtu akilinganisha kiasi cha kulipwa tu, ataapa kwamba ankara hizi mbili ni sawa, kumbe senti moja imetoka kwenye kiwango kimoja na kuhamia kingine. Hiki ndicho kinachofanya viwango mchanganyiko viwe jambo la pekee. Ankara ya kiwango kimoja ikiwa na kosa la senti, kosa huonekana kwenye jumla. Ankara ya viwango viwili inaweza kulificha, na likaja kuonekana miezi kadhaa baadaye, pale daftari la asilimia 7 linapokataa kulingana na mauzo ya asilimia 7.

Ndiyo maana nasema swali la “mstari au jumla” limeulizwa vibaya likiwa linahusu ankara ya namna hii. Jumla hapa si moja. Sheria ya VAT ya Ujerumani, katika kifungu cha 14, inataka ankara ioneshe thamani iliyogawanywa kwa kila kiwango, pamoja na kiwango chenyewe na kiasi cha kodi yake. Mahali pa kukadiria, basi, ni jumla ya kila kiwango: si juu yake kwenye mstari, wala si chini yake kwenye jumla kuu. Anayeahirisha hadi jumla kuu naye huingia matatani. Kundi moja likiwa na kodi ya 8.824 na jingine 19.184, makundi yaliyokadiriwa yanatoa 8.82 na 19.18, ambazo ni 28.00, lakini jumla ya pamoja ni 28.008, ambayo ukiikadiria ni 28.01. Karatasi hiyo ingeonesha namba mbili ambazo zikijumlishwa hazifiki namba iliyoandikwa chini yake.

Viwango vya ankara za kielektroniki vya Ulaya vimeufuata mkondo huohuo. Kiwango kinachoitwa EN 16931 hakina hata nafasi ya kuandika kiasi cha kodi kwenye mstari. Mstari hubeba bei kabla ya kodi, aina ya kodi na asilimia yake, basi. Kodi huonekana mara ya kwanza kwenye muhtasari wa kila kiwango, ikiwa imekadiriwa hadi tarakimu mbili. Tangu Januari 2025 biashara za Ujerumani zinatakiwa ziwe na uwezo wa kupokea ankara za namna hii kutoka kwa biashara nyingine za humo nchini, na wajibu wa kuzitoa unaingia kwa awamu hadi 2028. Kwa hiyo programu ya zamani iliyokuwa ikihesabu kwa mistari haina tena pa kuziweka namba zake, isipokuwa kuzijumlisha na kuzipachika kwenye muhtasari.

Na hapa kuna mtego. Kanuni zinazokagua ankara hizo zina majina kama `BR-CO-14`, inayotaka kodi za makundi zijumlishwe na kufikia kodi yote bila kupungua hata senti, na `BR-CO-17`, inayotaka kodi ya kundi iwe thamani ya kundi mara asilimia yake. Ya kwanza haina msamaha. Ya pili, katika kikaguzi chenyewe, imelegezwa ili tofauti ndogo isiyofika yuro moja ipite. Ankara yetu yenye 8.83 badala ya 8.82 ingepita ukaguzi bila kuguswa. Kupita huko kusimpe mtu imani kwamba hesabu yake ni safi. Programu ya mnunuzi ikipiga upya 125.95 mara asilimia 7 itapata 8.82, na karani wake atabaki na senti ya kuitolea maelezo.

Je, senti hiyo inaweza kukua? Kila ukadiriaji hupotosha kwa nusu senti kwa kiwango cha juu kabisa, kwa hiyo ankara ya mistari 100 haiwezi kupotoka zaidi ya senti 50 kwa njia ya mistari. Bei zikiwa za kila namna, kupanda na kushuka hufutana, na kwa kawaida tofauti hubaki ya senti chache. Hatari iko kwenye bei inayojirudia. Mwenye kuuza kitu kimoja cha senti 50 kwa asilimia 7 hupata kodi ya senti 3.5, ambayo kila mara hupandishwa kuwa 4. Mistari 100 ya namna hiyo ina thamani ya yuro 50. Kodi halali ni 3.50, lakini mistari inasema 4.00. Hapo upotoshaji umefika kikomo chake, na mnunuzi ametozwa asilimia 8 badala ya 7.

Upotoshaji wa upande huo mmoja ndio uliofikishwa hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg. Ahold, kampuni ya maduka makubwa ya Uholanzi, ilitaka iruhusiwe kushusha kodi ya kila bidhaa hadi senti ya chini. Katika hukumu ya Julai 2008 mahakama ilisema kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya haina kanuni mahususi ya kukadiria, kwamba kila nchi inajiwekea yake mradi iheshimu misingi ya kodi hiyo, na kwamba nchi hazilazimiki kuwaruhusu wafanyabiashara kushusha kila bidhaa. Mwaka 2009 kampuni ya baa ya Uingereza, Wetherspoon, ilipata jibu kama hilo. Naona mahakama ilisema kweli: kukadiria hadi senti iliyo karibu hupotosha huku na huku, lakini kushusha kila mara hupotosha upande mmoja tu.

Kwa jirani zetu wa Kenya mchanganyiko huu hauumi mara nyingi, kwa kuwa kiwango kingine kando ya asilimia 16 ni sifuri, na sifuri haizai vipande vya senti. Hali ilikuwa tofauti kati ya Septemba 2018 na Juni 2023, mafuta ya petroli yalipotozwa asilimia 8. Kituo kilichoandika dizeli na oili ya injini kwenye ankara moja kilikuwa na makundi mawili halisi ya kukadiria.

Anayetaka kuijua programu yake inatumia njia gani hahitaji kumwita fundi. Aingize mistari minne ile ya asilimia 7, kisha aangalie kama inaonesha 8.82 au 8.83. Kwenye lahajedwali kuna udanganyifu mwingine: seli inaweza kuonesha 3.26 huku ndani yake imehifadhi 3.255, kwa sababu kuficha tarakimu si kukadiria. Safu itasomeka 3.26, 1.81, 1.88 na 1.88, na chini yake 8.82, na anayejumlisha kwa kikokotoo ataona karatasi inamwambia uongo. Ni bora safu ya kodi ya mistari iondolewe kabisa, na kila kiwango kiwe na fomula yake moja. Ikiwa bei za asilimia 7 ziko `E2` hadi `E5`, fomula ni hii:

```
=ROUND(SUM(E2:E5)*7%,2)
```

Njia ya makundi nayo ina mpaka wake, na unaonekana bidhaa zinaporudishwa. Mwenye duka akirudisha kahawa, chai, iliki na unga kwa nyakati nne tofauti, na kila mara akaandikiwa hati yake ya marejesho, kila hati inakadiria kodi yake yenyewe: 3.26, 1.81, 1.88, 1.88. Amerudishiwa 8.83 kwa kodi aliyotozwa 8.82. Vivyo hivyo kampuni ikitaka kuigawa kodi ya ankara kwa idara zake, itajikuta na senti isiyo na mwenyewe. Njia rahisi ni kugawa kama kawaida, kisha tofauti iwekwe kwenye mstari mkubwa kuliko yote wa kiwango kilekile: kahawa ibebe 3.25 badala ya 3.26, na kundi libaki 8.82. Kwa marejesho, hati ya mwisho ndiyo inayopunguzwa, hivyo unga utarudishiwa 1.87, na daftari la asilimia 7 litafungwa kwa sifuri.