Hamsini na hamsini zisizofika mia

Pima mililita 50 za maji, pima na mililita 50 za ethanoli tupu, kisha uzichanganye kwenye silinda ya kupimia na kuifunika mdomo. Ukiishika silinda utasikia joto, kwa kuwa maji na ethanoli vikikutana hutoa joto, na kimiminika chenye joto hutanuka. Basi usisome upesi. Subiri mchanganyiko urudi kwenye nyuzijoto 20, halafu soma: ni kama 96.4, si 100.

Mtu atasema spiriti imepaa. Weka kwenye mizani: uzito ni gramu 89 na kitu, uleule wa kabla ya kuchanganya. Hakuna kilichopotea ila nafasi.

Walimu wengi hueleza jambo hili kwa ndoo ya maharage iliyomiminiwa mchanga, kwamba chembe ndogo huingia kwenye mianya ya kubwa. Mfano huo haunitoshi. Mchanga unaojaza mianya unaweza, kwa uchache kabisa, usiongeze ujazo wowote. Lakini ukiyeyusha magnesiamu salfeti kidogo kwenye maji mengi, ujazo wa maji unapungua! Chembe za chumvi hiyo huyavuta maji yaliyo karibu nazo yakabanana. Kwa ethanoli pia kinachofanya kazi ni mvutano: molekuli za maji zimeshikana kwa mpangilio wenye uwazi mwingi, na ethanoli ikiingia mshikano huo hujipanga upya, ukabana zaidi.

Ndiyo maana wanakemia hawaulizi tu moli moja ya maji ina ujazo gani. Huuliza imeongezwa wapi. Moli moja ya maji, yaani gramu 18, ukiiongeza kwenye pipa la maji, ujazo hupanda kwa mililita 18. Iongeze kwenye pipa la ethanoli, utapanda kwa takribani 14 tu. Kiasi hicho cha kupanda, mchanganyiko wenyewe ukiwa mwingi kiasi cha kutobadilika, ndicho kinachoitwa ujazo wa sehemu kwa moli. Katika silinda yetu, moli ya maji inachukua karibu 17.5, na ya ethanoli karibu 56 badala ya 58.4 iliyokuwa nayo peke yake. Zidisha kila moja kwa idadi ya moli zake, 2.77 za maji na 0.856 za ethanoli, ujumlishe: unarudi palepale kwenye 96.4.

Anayetengeneza spiriti ya asilimia 70 kwa ujazo anakutana na hili kila siku. Akitia mililita 70 za ethanoli tupu na 30 za maji, hafikii 100, na spiriti yake inazidi ukali uliokusudiwa. Njia sahihi ni kutia zile 70, kuongeza maji, kuacha ipoe, kisha kujazia hadi alama ya 100. Maji yatakayoingia yatapita kidogo mililita 33.