Foleni Nyuma ya Moyo

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mama wa miaka 62, mwenye presha ya miaka mingi, amefika hospitali akihema. Usiku hapati usingizi mpaka aegemee mito mitatu, na mara nyingi huamka saa nane akikohoa, akaenda kukaa dirishani kutafuta hewa. Dalili ipi inaonyesha kwamba ni upande wa kushoto wa moyo ulioshindwa kazi: (a) miguu iliyovimba, (b) vena za shingo zilizotuna, (c) ini lililokua na kuuma, au (d) milio ya kutatarika sehemu za chini za mapafu?

Wanafunzi wengi wa uuguzi hukimbilia miguu. Siwashangai, maana miguu ndiyo inayoonekana kwa macho. Lakini jibu ni (d), na anayejua damu inakotoka na inakokwenda hana haja ya kulikariri.

Upande wa kulia hupokea damu iliyozunguka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu. Wa kushoto huipokea ikitoka mapafuni, ikiwa imejaa oksijeni, na kuisukuma mwili mzima. Kila aliyewahi kukwama barabarani anajua kwamba foleni hujipanga nyuma ya gari lililoharibika, si mbele yake. Basi upande wa kushoto ukichoka, nyuma yake kuna mapafu. Ukichoka wa kulia, nyuma yake kuna shingo, ini, tumbo na miguu.

Kwa mama huyu, presha imeulazimisha upande wa kushoto kusukuma dhidi ya ukinzani mkubwa kwa miaka. Msuli wake umenenepa, kisha umedhoofika. Damu inarundikana kwenye mishipa midogo ya mapafu, ambayo shinikizo lake la kawaida ni dogo tu, kama milimita 10 za zebaki. Likipanda ghafla kupita 25 hivi, maji huvuja na kuingia katika vifuko vya hewa. Hayo ndiyo muuguzi anayoyasikia kwa stetoskopu mgonjwa anapovuta pumzi: mlio kama wa nywele zinazosuguliwa kwa vidole karibu na sikio. Hali ikiwa mbaya zaidi, makohozi hutoka na povu la rangi ya waridi.

Na mito mitatu je? Mtu akilala chali, maji yaliyokuwa yametuama miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu, na mapafu yaliyokwisha kulemewa huongezewa mzigo. Kwa hiyo anayefika akitweta hulazwi chali. Anakalishwa wima, miguu ikining'inia, damu ipungue kurudi kifuani wakati oksijeni na dawa zinaandaliwa.

Swali lililofuata ndilo lililowaliza wengi. Miezi minane baadaye mama yuleyule anarudi. Anasema kupumua kumekuwa afadhali kidogo, ila viatu havimwingii, sketi inambana tumboni na chakula kidogo tu kinamshibisha. Je, amepata nafuu?

Hapana. Upande wa kulia umekuwa ukisukuma damu kwenye mapafu yaliyojaa, na sasa nao umechoka. Kwa kuwa unapeleka damu kidogo mapafuni, msongamano huko umepungua, ndiyo maana pumzi imelegea. Foleni imehamia nyuma zaidi. Ukimlaza kwa mwinuko wa nyuzi 45, utaona vena ya shingo imetuna. Ukibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo linabaki. Chakula hakiingii kwa sababu ini na utumbo vimejaa damu. Kushindwa kwa upande wa kushoto ndiko chanzo cha kawaida kuliko vyote cha kushindwa kwa ule wa kulia, ingawa ugonjwa sugu wa mapafu nao unaweza kuuangusha wa kulia peke yake.

Hapo mtihani unaachana kidogo na wodi. Karatasi hutaka kushoto au kulia. Wagonjwa wengi huwa na vyote viwili. Tena miguu ina visingizio vyake: safari ndefu ya basi, figo, hata amlodipini, dawa ya presha inayotumika sana, huweza kuivimbisha moyo ukiwa mzima. Figo zikipata damu kidogo hubania chumvi na maji, kwa hiyo hata moyo ulioanza kushindwa kushoto unaweza kumwongezea mtu uvimbe.

Mizani ndiyo huwahi kugundua. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na mtu anaweza kubeba lita kadhaa kabla miguu haijaonyesha. Mama huyu apimwe kila asubuhi, akishakwenda haja ndogo, kabla ya chai. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, arudi kliniki. Na akiwa amelazwa kitandani kwa siku nyingi, usimtafute uvimbe miguuni. Mgeuze ubavu, ubonyeze kiunoni juu ya makalio, kwani maji hufuata mteremko.