Usizime Kwanza

"Kaka, mtandao umegoma tena," karani mmoja mpya aliniambia asubuhi moja, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kuzimia. Nilimwomba asizime. Ukizima kompyuta, maneno yaliyoandikwa kwenye skrini yanapotea, na fundi akija baadaye anabaki kubahatisha. Tangu siku hiyo, waajiriwa wapya wakiletwa kwangu kwa zile dakika kumi za kuelezwa mambo ya kompyuta, sianzi na nywila wala printa. Naanza na kisa hiki.

Nilimuuliza skrini inasema nini. "Imeandika Kiingereza kirefu tu," akajibu. Tukakisoma pamoja. Juu paliandikwa Your clock is behind, yaani saa yako iko nyuma, na chini, kwa herufi ndogo, NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Katikati brauza ilikuwa imetaja hata tarehe ambayo kompyuta iliamini ndiyo ya leo: 1 Januari 2018. Kumbe siku tatu alizohangaika, jibu lilikuwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuyahifadhi maneno yenyewe, wala si kuyafupisha kuwa "imegoma". Bonyeza kwa pamoja Windows, Shift na S, uchague sehemu ya skrini, kisha uibandike kwenye barua pepe. Barua pepe nayo ikikataa, piga picha kwa simu. Ule msimbo wa herufi kubwa usiuache nje ya picha, kwa sababu ndio fundi atakaoutafuta. Kisha andika mstari mmoja: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa unafungua nini, na jirani yako naye imemtokea?

Swali la jirani lina uzito kuliko linavyoonekana. Meza ya pili tovuti ile ile ilifunguka bila shida, kwa mtandao ule ule. Basi mtandao ulikuwa mzima na tovuti ilikuwa nzima, na ubovu ukabaki kwenye mashine moja.

Lakini tarehe inahusianaje na kufungua tovuti? Tovuti salama huonyesha cheti kinachothibitisha kwamba ni yenyewe, na cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Brauza hukilinganisha na saa ya kompyuta yako. Kompyuta inayodhani tuko 2018 itaona cheti cha mwaka huu hakijaanza kutumika, na itakikataa. Kuna watu hubonyeza Advanced ili kupenya kwa nguvu. Mimi nasema usifanye hivyo, hasa kwenye tovuti ya benki au ya kodi, maana onyo la namna hiyo hiyo hutokea pia mtu anapojipenyeza kati yako na tovuti.

Tulifungua mipangilio ya tarehe na saa, tukahakikisha majira ni (UTC+03:00) Nairobi, tukaweka tarehe sahihi kwa mkono, kisha tukabonyeza Sync now. Ukiweka kwa mkono kumbuka kwamba saa tatu yetu ya asubuhi kompyuta huiita 9:00. Wapo walioandika 3:00, barua pepe zao zikaonekana zimetumwa usiku wa manane. Karani akapakia tena ukurasa, ukafunguka.

Kesho yake kosa likarudi. Safari hii alikuwa ameandika: "Asubuhi tu. Mchana haisumbui." Maneno hayo manne yaliniokolea nusu siku. Jioni mlinzi huzima swichi za ukutani, na umeme ukikatwa, saa ya kompyuta ya mezani hutegemea betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi, kwa kawaida aina ya CR2032 ya volti 3. Ikiisha nguvu, tarehe hurudi kwenye ile ya kiwandani. Betri ilibadilishwa na fundi, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, tukaweka tarehe mara ya mwisho. Kuzima na kuwasha, dawa ambayo kila mtu huikimbilia, kusingesaidia kitu hapa.

Wiki chache baadaye karani yule yule alinitumia picha yenye msimbo ule ule wa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Chini yake alikuwa ameandika kwamba saa yake ni sahihi, na kwamba tovuti hiyo moja imewakatalia wote wanne waliojaribu, hata kwenye simu. Hapo mwenye kosa alikuwa tovuti: cheti chake kilikuwa kimeisha muda. Hakugusa chochote kwenye kompyuta. Alikuwa ameshawapigia wenye tovuti na kuwasomea msimbo herufi kwa herufi.