Uso, Sauti na Hukumu ya Kamera

Zimeenea katika miaka ya karibuni programu za kompyuta ambazo, zikipewa video ya mahojiano ya kazi au ya mgonjwa akizungumza na daktari wake, huandika kando ya kila uso kiasi cha furaha, huzuni au ghadhabu inayodaiwa kuwamo ndani yake. Na kwa kuwa tarakimu hizo huja zimepangwa katika michoro ya kupendeza, wasomaji wengi huzipokea kwa imani ile ile wanayoipa pima-joto. Kijana wa Majengo mjini Nyeri anayetafuta kazi Nairobi aweza leo kuhojiwa kwa simu yake ya mkononi bila kupanda matatu, na kwa hiyo ni haki yake kujua ni nini hasa kinachopimwa na programu za namna hii, na ni wapi kipimo kinapokoma na dhana ikashika nafasi yake.

Na tuchukue mfano wa binti aliyeketi barazani kwao saa nne za asubuhi, simu ameiegemeza juu ya kopo, na jua likimrudia machoni kutoka kwenye mabati ya nyumba ya pili. Kamera hupiga picha kama 30 kwa kila sekunde. Katika kila picha programu hutafuta kwanza uso uko wapi, kisha huweka alama juu ya nyusi, kope, pua, midomo na taya, na katika njia moja mashuhuri alama hizo ni 68, halafu huangalia zinavyosogea. Misogeo yenyewe ina orodha yake, iliyotungwa na Paul Ekman na Wallace Friesen na kutolewa mwaka 1978, ambamo kila tendo la misuli ya uso limepewa nambari: 4 ni kushusha nyusi na kuzikutanisha, 7 ni kukaza kope, 12 ni kuvuta pembe za midomo kama anayetabasamu. Binti yetu, kwa ajili ya mwanga ule, ameshusha nyusi na kukaza kope. Programu imeona 4 na 7, na kwa hayo imesema kweli.

Makosa huanza katika hatua inayofuata, pale tendo la misuli linapogeuzwa kuwa jina la hisia, kwa maana jina hilo halikutoka katika uso wa binti, bali limetoka katika picha ambazo mashine ilifundishwa nazo. Mkusanyo mmoja uliotumika sana, uitwao FER-2013, una picha 35,887, kila moja ikiwa ndogo ya pikseli 48 kwa 48 isiyo na rangi, nazo zilipatikana kwa kutafuta maneno ya hisia katika Google na kuchukua nyuso zilizotokea. Hakuna aliyewauliza wenye nyuso hizo walihisi nini siku ile. Watu walipojaribiwa kuzitambua picha hizo wenyewe, walipatana na majina yaliyobandikwa kwa asilimia 65 hivi. Fauka ya hayo, mashine iliyofunzwa hivyo ina mafungu saba tu, nayo ni ghadhabu, karaha, hofu, furaha, huzuni, mshangao na hali ya kawaida, na ni lazima igawanye asilimia 100 zote baina ya mafungu hayo. Jua la mabati halina fungu. Kwa hiyo binti huandikwa kuwa ameghadhibika.

Msingi wa mafungu hayo ni rai ya Ekman, aliyekwenda Papua New Guinea katika miaka ya 1960 na kurudi na hoja kwamba hisia chache za asili huonekana usoni kwa namna moja kwa wanadamu wote. Rai hiyo ilijaribiwa upya karibu nasi, miongoni mwa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma, na Maria Gendron na wenzake wakaandika mwaka 2020 kwamba walipata ushahidi haba mno wa umoja huo. Mwaka mmoja kabla yake, Lisa Feldman Barrett na wataalamu wenzake wanne, baada ya kupitia tafiti zaidi ya 1,000, walieleza kwamba mtu mwenye hasira hukunja ndita, kwa wastani, chini ya mara 3 katika kila mara 10.

Msomaji na aitie hesabu hiyo katika maisha. Tuseme wamehojiwa watu 100, na 10 kati yao wana hasira kwelikweli: 3 watakunja ndita, 7 hawatakunja. Tukadirie pia kwamba katika wale 90 waliotulia, mmoja kati ya kila 10 atakunja ndita kwa sababu ya mwanga, au ya kufikiri, au ya kutega sikio mtandao ukikatika. Hao ni 9. Basi mashine isiyokosea hata msogeo mmoja itatoa majina 12 ya wenye hasira, na katika hayo 9 yatakuwa ya kusingiziwa, huku wenye hasira 7 wakipita salama. Kununua kamera bora hakuondoi kosa hili, maana kosa haliko katika kuona.

Sauti nayo ina mtego wake. Programu hupima jinsi sauti inavyopanda na kushuka, nguvu yake, mitetemo yake na kasi ya maneno, na aghalabu imejifunza kwa waigizaji waliotakiwa kujifanya wana hasira au huzuni. Mkusanyo wa Berlin unaotajwa mara nyingi ulitokana na waigizaji 10 wa Kijerumani. Lakini Kikuyu, ambacho mkazi wa Nyeri hukichanganya na Kiswahili pasipo kujitambua, ni lugha ya toni, ambamo kupanda kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, na mizani iliyotengenezwa kwa Kijerumani haina njia ya kulijua hilo.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa rai yangu, iko hospitalini. Ugonjwa wa Parkinson hukakamaza misuli ya uso na kuipunguzia sauti nguvu na mawimbi yake, hata mzee aliyejaa bashasha akaonekana kama aliyekata tamaa. Na aliyepigwa na kiharusi aweza kutabasamu kwa upande mmoja. Wagonjwa hawa programu yaweza kuwaandikia huzuni, na daktari mwenye haraka aweza kutibu huzuni isiyokuwapo na kuuacha ugonjwa uliopo.

Microsoft ilitangaza mwezi wa Juni 2022 kwamba inaiondoa huduma ya kukisia hisia katika Azure Face, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku, tangu tarehe 2 Februari 2025, mifumo ya kukisia hisia makazini na mashuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kenya haina katazo kama hilo, lakini Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, humpa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana. Aliyenyimwa kazi kwa njia hiyo anastahili kuarifiwa kwa maandishi, na aweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Basi na aombe, na aulize katika barua yake ni msogeo gani wa uso wake uliopimwa, na ni nani aliyeupa jina.