Vivuli Vidogo vya Puani

Katika saluni za Dar es Salaam, siku za sendofu na harusi, mteja akishakaa kwenye kiti mara nyingi huanza kulalamikia pua yake. Nyusi zitatindwa na midomo itapakwa rangi, hayo hayampi wasiwasi. Kinachomsumbua ni vitundu vilivyojipanga pembeni ya pua na kusambaa mashavuni, ambavyo kamera za simu za siku hizi huvionyesha vyote, hata vile asivyoviona kwenye kioo cha nyumbani. Hajaja kutafuta tiba. Anataka visionekane kuanzia anapopambwa alasiri hadi keki ikatwe usiku.

Hilo linawezekana kwa kiasi kikubwa, na sababu yake ni mwanga. Kinyweleo ni mdomo wa kifuko kidogo ambamo unywele huota na tezi ya mafuta hutolea mafuta yake. Puani, mashavuni karibu na pua na katikati ya paji la uso, tezi hizo ni kubwa na hufanya kazi sana, kwa hiyo midomo yake nayo hutanuka. Umri huchangia pia, kwani ngozi ikilegea ukingo wa kitundu hukosa cha kuubana. Hata hivyo, kitundu ambacho mwenyewe anakiita kikubwa mara nyingi hakifiki milimita moja. Anachokiona mtu aliyesimama mbele yake ni kivuli kinachokaa ndani ya kitundu hicho mwanga unapotoka juu au ubavuni. Kitundu kikijazwa, au mwanga ukitawanywa ukatua pande zote, kivuli hupungua na jicho hudanganyika kwamba ngozi ni tambarare.

Kusugua barafu hakufungi kinyweleo, na mvuke haukifungui, kwa kuwa hakina msuli wa kufanya kazi hiyo. Barafu hupunguza uvimbe kwa muda mfupi na mvuke hulainisha mafuta yaliyoganda. Yanaishia hapo.

Kazi ya kujaza hufanywa na praima. Fundi rangi anayejua kazi yake hupiga skimu ukutani kabla ya kugusa rangi, la sivyo kila kishimo cha plasta kitaonekana. Praima usoni ina wajibu huohuo. Praima ya kujaza kwa kawaida ni jeli ya silikoni. Inapotoka kwenye tyubu huteleza kwa sababu ndani yake mna silikoni nyepesi inayoruka hewani baada ya muda mfupi. Inayobaki ni silikoni nzito na laini, iliyotuama ndani ya vitundu na kutandaza utando mwembamba juu yake. Nyingi huongezewa pia poda laini mno, kama silika, ambazo chembe zake hutawanya mwanga. Ngozi iliyopakwa hivyo haing'ai sehemu moja na kuwa na kiza sehemu nyingine, na ndiyo maana katika picha huonekana kana kwamba imefifishwa kidogo.

Si ajabu kwamba bidhaa hizi zilikuzwa na watu wa kamera. Kampuni ya Smashbox, iliyoipa umaarufu praima ya aina hii, ilianzishwa miaka ya 1990 huko Los Angeles na ndugu wawili, Dean na Davis Factor, waliokuwa na studio ya kupigia picha. Ni vitukuu vya Max Factor, yule aliyewapamba waigizaji wa Hollywood tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Katika studio, taa humulika kila kona ya uso na lenzi haina huruma.

Tatizo la mnunuzi wa kawaida ni kwamba chupa zote zimeandikwa praima, ilhali kazi zake hutofautiana. Mwaka 2015 mpambaji wa Uholanzi anayejulikana mtandaoni kama NikkieTutorials alionyesha kwamba anatumia losheni ya wanaume ya kupaka baada ya kunyoa kama praima, na watu wakaikimbilia madukani. Losheni ile ina glisarini, ambayo hunata kidogo na kuishika faundesheni isiteleze. Ni kazi nzuri, lakini haijazi kitu. Mwenye vitundu vikubwa akiitumia, faundesheni yake itadumu na vitundu vyake vitabaki vilevile. Njia rahisi ya kuzitambua ni vidole: praima ya kujaza, ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, huacha ulaini mkavu unaofanana na hariri, ile ya kushika hunata.

Tuuchukue uso mmoja tuufuate. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, pua na paji vina mafuta, mashavu ya pembeni ni makavu, sherehe inaanza saa 1 jioni Kinondoni na anapambwa saa 9 alasiri. Ananawa kwanza, anapaka losheni nyepesi, kisha anaachwa dakika tano hadi kumi bila kuguswa. Wengi huuona muda huu kuwa wa kupotezwa, lakini losheni ikiwa bado imelowa, praima haitapata ngozi ya kushika.

Praima inayotolewa ni kidogo kuliko anavyotarajia: kiasi cha punje ya mbaazi kinatosha pua, mashavu ya karibu na katikati ya paji. Haipakwi uso mzima. Mashavu yake makavu hayana kitundu cha kujaza, na silikoni ya bure huko itaongeza tabaka tu. Mpambaji anaichukua kwa ncha ya kidole na kuigandamiza, halafu anaisukuma polepole kutoka pande tofauti, juu, chini na kwa mduara mdogo, kwa kuwa vitundu vya mashavuni huelekea chini kwa mshazari na mkono unaokwenda upande mmoja huviruka. Mikunjo ya pembeni mwa pua hupewa uangalifu zaidi. Kisha anasubiri dakika moja au mbili ile silikoni nyepesi iruke.

Hapo ndipo faundesheni inapoingia, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kama praima ni ya silikoni na faundesheni ni ya maji mengi, viwili hivyo vinaweza kukataana. Dalili hazijifichi: faundesheni inajitenga na kuacha mabaka, au vinatokea vijinyuzi vinavyoviringika chini ya kidole. Kuongeza faundesheni juu ya vijinyuzi hivyo huvizidisha, basi hakuna dawa ila kufuta sehemu hiyo na kuanza upya. Kabla ya kununua, mtu asome orodha ya viambato nyuma ya kiboksi: maneno ya mwanzo mwanzo yanayoishia na “-cone” au “-siloxane” ni silikoni. Faundesheni nyingi huanza na “aqua”, yaani maji, kwa hiyo neno hilo peke yake halitoshi. Kinachotazamwa ni kama silikoni inafuata karibu. Na kwa kuwa orodha haisemi kila kitu, jaribio la nyuma ya kiganja ni la kuaminika zaidi. Paka praima, subiri, gonga faundesheni juu yake, kisha sugua taratibu kwa kidole. Kama inajikunja mkononi, itajikunja usoni.

Bibi yetu wa Kinondoni anapakwa faundesheni isiyong'aa sana, kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi ibaki na unyevu tu. Sponji inagongwa, haiburuzwi. Brashi inayoburuzwa huing'oa praima kutoka kwenye vitundu ilimotuama na kuiacha faundesheni ichukue nafasi yake. Tabaka la kwanza liwe jembamba. Pakihitajika jingine, liongezwe palepale penye haja. Unene ndio adui mkubwa hapa, na wapambaji wengi hawataki kuliamini hilo, wanaona uso wenye vitundu unahitaji rangi nyingi. Matokeo yake huonekana baada ya saa tatu: mafuta yanapanda, faundesheni inakusanyika kwenye midomo ya vitundu, na pua inajaa vidoa.

Kwa ngozi nyeusi vidoa hivyo husaliti haraka zaidi kama rangi iliyochaguliwa ni nyeupe kuliko uso, maana kila kitundu hugeuka nukta iliyopauka. Kwa miaka mingi wanawake weusi walilazimika kuchagua rangi inayokaribia tu. Mwaka 2017 Rihanna alipozindua Fenty Beauty na faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine zilishtuka zikaanza kuongeza zao. Rangi ipimwe kwenye taya, mchana, nje ya duka, na isubiriwe dakika kumi hivi kwa sababu baadhi ya faundesheni hubadilika zikikauka.

Poda huja mwisho, na huja kidogo. Kwa pafu au brashi ndogo inagandamizwa pembeni mwa pua na katikati ya paji peke yake. Poda nyeupe zenye silika nyingi, zinazodaiwa kuwa hazina rangi, zinaweza kurudisha mwanga wa flashi ya kamera na kumwachia mtu mabaka ya kijivu kwenye albamu. Picha moja ya flashi kabla ya kutoka saluni hulifichua hilo mapema. Hailaita nayo iwekwe mbali na vitundu, juu ya mfupa wa shavu. Chembe zake zinazometa hufanya kinyume cha kila kilichofanywa hadi hapo, kwa kuwa hung'arisha ukingo na kukipa kitundu kivuli kipya.

Joto la pwani litafanya kazi yake. Ikifika saa 3 usiku pua itakuwa imeanza kung'aa, na kosa la kawaida ni kuchomoa poda mkobani papo hapo. Poda juu ya mafuta huganda ikawa tope jembamba. Tishu ya tabaka moja igandamizwe kwanza bila kusugua ili inyonye mafuta, ndipo poda kidogo ifuate.

Hata kazi iliyofanywa vizuri ina mipaka yake. Inamdanganya mtu aliye umbali wa kusalimiana kwa mkono, haimdanganyi aliyesogeza uso karibu chini ya dirisha lenye mwanga wa ubavuni. Makovu ya chunusi yenye mashimo mapana hayajai kwa praima. Silikoni hutandaa ndani yake na shimo likabaki. Ngozi inayobanduka nayo huonekana zaidi chini ya faundesheni, hivyo mwenye ngozi hiyo hufaidika zaidi na losheni kuliko na praima.

Usiku, sabuni na maji havitoshi. Silikoni haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo huanza mafuta ya kusafishia meikapu, yakisuguliwa kwenye ngozi kavu kwa dakika moja hivi na zaidi pembeni mwa pua, halafu ndipo sabuni laini ya uso. Kitambaa cheupe kikipitishwa baada ya hapo na kikatoka na rangi ya kahawia, mzunguko wa mafuta unarudiwa.